Jina la lebo yako likifika nje ya mipaka, litabaki kuwa lako?

(Hii ni hotuba niliyowapa mafundi cherehani, wadizaina na wauza vitambaa tulipokutana Dar. Wengi mliokosa mmeniomba niiweke yote, basi hii hapa, picha za ukutani nimeziacha.)

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za mchana. Mafundi mpo? Wadizaina mpo? Wauza kanga na vitenge, mpo? Haya.

Leo siongelei kushona, kushona mnanizidi. Naongelea kale kakipande kadogo kanakoshonwa nyuma ya shingo, lebo, na neno moja linaloandikwa pale. Maana nimeona nguo nzuri sana za kanga, za kikoi, za batiki, mshono umenyooka, mteja wa nje kapenda, halafu biashara inakuja kukwama kwenye lile neno. Na lile neno mtu alilichagua usiku mmoja tu akiwa anafungua akaunti ya Instagram.

Naanza na swali. Ukishona nguo za kikoi ukaamua lebo yako iitwe Kikoi, hilo jina ni la nani?

Naona mnatazamana. Ngoja niwape kisa cha kweli. Kwenye mwaka 2006, 2007 hapo, kampuni moja ya Uingereza ilipeleka ombi kule kwao isajiliwe neno KIKOY liwe alama yake ya biashara. Yaani kikoi hiki hiki, cha Lamu, cha Mombasa, cha Unguja, ambacho babu zetu wamekivaa kiunoni miaka yote! Wafanyabiashara wa Kenya waliokuwa wanauza vikoi Uingereza wakashtuka, maana ombi lile likipita, wao wenyewe wangeweza kuzuiwa kuandika neno kikoi kwenye bidhaa ya kikoi ndani ya soko lile. Wakaweka pingamizi, shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza likawasaidia kupata mawakili, na mwaka 2008 lile ombi likaishia njiani.

Sasa wengi tunakisimulia hiki kisa kwa hasira tu, tunasema wazungu wanatuibia, tunaondoka. Mimi naomba tukitazame upande wa pili, upande unaotuhusu sisi wenye lebo. Sababu ya kisheria inayomzuia yule Mwingereza kulimiliki neno kikoi ndiyo hiyo hiyo inayokuzuia na wewe! Kikoi ni jina la kitu chenyewe. Kanga ni jina la kitu chenyewe. Kitenge, batiki, leso, hivyo hivyo. Jina la kitu ni la kila anayekiuza. Ukijiita Kitenge Fesheni, au Kanga House, au Batiki ya Dada, hilo neno kubwa kwenye jina lako si lako na halitakuwa lako, jirani yako kesho anafungua Kitenge Staili na huna la kumfanya.

Halafu linganisheni na kisa kingine. Disney walipeleka ombi Marekani mwaka 1994 wasajili maneno Hakuna Matata kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 wakapewa. Watu wakalalamika, 2018 watu wengi mtandaoni wakaweka sahihi kupinga, lakini jiulizeni, kwa nini hili lilipita? Kwa sababu hakuna matata halielezi fulana. Halisemi ni pamba, halisemi ni nguo, halisemi imetoka wapi, kwa fulana ni maneno ya kubandika tu. Sisemi wamefanya vizuri, roho inaniuma kama inavyowauma nyinyi. Nasema mwone jinsi yule afisa wa usajili anavyofikiri. Hakuulizi neno ni la kabila gani. Anauliza, hili neno linaeleza bidhaa? Likiieleza anakukataa, lisipoieleza anaendelea kukusikiliza.

Na msidhani Kiswahili kinakuficha. Ombi la Marekani linakudai uandike tafsiri ya neno kama si la Kiingereza. Ukijiita Mavazi, utaandika pale maana yake ni nguo, na afisa anaweza kukukataa kama vile uliandika nguo kwa lugha yake. Mnanielewa lakini? Neno tamu la kwetu linaweza kuwa jina la kitu tu likifika mezani kwa mtu mwenye fomu.

Haya tusonge. Nataka tuchukue mtu mmoja na majina yake tuyapitie taratibu, maana hapa ndipo penye kazi.

Kuna binti mmoja wa Tanga, simtaji jina, anashona magauni na koti fupi za kanga na kikoi. Akapata mtu wa duka dogo Ujerumani anataka sampuli. Akaja na majina manne kwenye karatasi ya daftari, Mavazi Asilia, Ng'ara, Kisutu, Pindo. Akaniuliza lipi zuri. Mimi nikamwambia uzuri tuuweke pembeni kwanza, tuyapitishe moja moja.

Mavazi Asilia mmeshajua tatizo lake, linaeleza bidhaa mwanzo mpaka mwisho. Tukalifuta.

Ng'ara. Neno zuri jamani, nalipenda mpaka leo. Lakini lina ile alama ya juu katikati, na kwenye jina la akaunti ya Instagram hiyo alama haiingii, kwenye anwani ya tovuti haiingii. Ukiitoa linakuwa ngara, na ngara ni wilaya kule Kagera, na ukienda Nairobi Ngara ni mtaa wenye soko. Halafu sauti yenyewe, sisi ng' tunaitoa bila kufikiri, Mjerumani akiiona mwanzo wa neno anasimama, anatafuta pa kuanzia, wengine wanasema en-gara, wengine nigara, na mtu asiye na uhakika na neno haliagizi kwa sauti mbele ya watu. Sauti zenye shida ni zile zile kila siku, ng', ny na mw na mj mwanzoni mwa neno, dh na gh katikati. Zikiwa kwenye jina lako hujaharibikiwa, ila ujue kila duka utakaloingia utakuwa mwalimu.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Mtumie mtu wa nje jina limeandikwa, mwombe akurudishie voisi noti akilisoma, usimfundishe. Halafu mtu mwingine umtumie voisi noti wewe ukilisema, naye aliandike. Kama wa kwanza analisoma karibu na unavyolisema, na wa pili analiandika akalipata au akakosea herufi moja tu, hilo jina linatembea. Kama wa pili anaandika kitu kingine kabisa, basi huyo ndiye mteja aliyesikia sifa zako kwa rafiki yake, akaenda kukutafuta mtandaoni, akakukosa.

Mnataka mfano wa neno la Kiswahili lililopita kipimo hiki? Nairobi kuna lebo ya KikoRomeo, ipo tangu 1996, ilianzishwa na Ann McCreath. Sisi tukiona pale tunacheka kidogo tunajua ni kikoromeo, hiki cha shingoni. Mgeni anaona Kiko na Romeo, maneno mawili anayoweza kuyatamka bila kujikwaa, na Romeo analijua toka shule. Kikoromeo hakielezi nguo, kwa hiyo kwenye fomu halina shida ile ya mavazi. Na Mswahili halimchukizi. Neno moja limekaa sawa sehemu tatu, na hiyo ndiyo kazi ninayowaomba muifanye.

Turudi kwa binti wa Tanga. Kisutu. Hapa nyumbani kisutu ni aina ya kanga, ile ya harusi, nyekundu nyeupe na nyeusi, kwa hiyo kwa nguo za kanga linarudi kule kule kwenye jina la kitu. Na Mtanzania wa Dar ukimwambia Kisutu kitu cha kwanza kinachomjia ni mahakama. Tukalifuta, ingawa kwa kusitasita.

Likabaki Pindo. Na hapa nataka mkae vizuri, maana Pindo lilipita karibu kila kipimo. Herufi tano. Halina alama. Mjerumani alilisoma sawa, Mwingereza alilisoma sawa, aliyesikia aliandika sawa. Kwetu pindo ni ile sehemu ya pembeni ya kanga inayozunguka mji, kwa hiyo lina harufu ya kanga bila kusema kanga. Tukalitafuta maana kwenye lugha nyingine, tukakuta kuna mtende unaitwa pindo, na Waitaliano wana milima ya Ugiriki wanaiita Pindo, hakuna tusi, hakuna aibu. Binti akaanza kuchora lebo.

Nikamwambia subiri, hatujatafuta kwenye rejista ya alama za biashara.

Kutafuta kwenye rejista siyo kuandika Google. Kuna sehemu mbili za bure ambazo kila mtu hapa azifungue kwenye simu leo hii, moja inaitwa TMview, nyingine Global Brand Database ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu. Unaandika jina, halafu unachuja kwa daraja. Alama za biashara zote duniani zimepangwa kwenye madaraja 45 ya bidhaa na huduma, nguo na viatu na kofia ni daraja la 25, kitambaa chenyewe ni la 24, mabegi ni la 18. Ukiona jina lako limeshasajiliwa daraja la mashine za kuchimba visima usife moyo. Ukiliona daraja la 25 kwenye nchi unayotaka kuuza, hapo kaa chini.

Na kosa la wengi ni kutafuta neno kamili tu, wakiona halipo wanashangilia. Afisa na mawakili wa wenzako hawaangalii neno kamili tu, wanaangalia yanayofanana kwa macho na kwa masikio. Kwa hiyo badilisha herufi wewe mwenyewe, k weka c, s weka z, i weka y au ee, kisha badilisha herufi ya katikati moja moja. Tukafanya hivyo na Pindo, tulipobadilisha d tukaweka k, tukasimama. Pinko. Brandi ya nguo za kike ya Italia, wenye maduka yao, daraja la 25 lile lile. Herufi tano kwa herufi tano, nne zinafanana, mwanzo sawa, mwisho sawa, bidhaa sawa, soko sawa.

Je, Pinko wangeshinda wakiweka pingamizi? Siwezi kuwaambia wangeshinda, hayo yanaamuliwa na wanaoamua. Lakini oneni jinsi mambo yanavyokwenda Ulaya. Ombi moja kwenye ofisi yao ya EUIPO linabeba nchi zote 27, unalipa yuro 850 kwa daraja moja, na ofisi yenyewe haikukatalii kwa sababu ya alama ya mtu mwingine, inatangaza ombi lako tu, wenye alama za zamani wana miezi mitatu ya kukupinga. Sasa binti wa cherehani mbili Tanga ajibizane na mawakili wa Milano? Kwa pesa ipi? Hata kama haki iko upande wake, ile pesa ya kuitetea ni pesa ya vitambaa vya msimu mzima. Tukaliacha Pindo. Aliumia, nami niliumia.

Jina alilokuja kulichukua sitalitaja hapa, na sababu mtaiona mbele. Niwaambie tu lilivyopatikana. Tuliacha maneno ya nguo na ya sifa. Maneno kama zuri, asili, nuru, imani, yaandikeni kwenye hiyo Global Brand Database mwone foleni yake. Tukaingia kwenye maneno ya mahali alipokulia, vitu vya bahari na vya shamba la mkonge, majina ya mashamba ya bibi yake, akachukua neno moja ambalo halihusiani na nguo, akalikata silabi ya mwanzo. Kwetu bado lina ladha ya Tanga, kwa mgeni ni neno jipya kabisa. Neno la namna hiyo ndilo gumu kukataliwa na ndilo rahisi kulilinda.

Kuna jambo jingine linawahusu nyie wa kanga peke yenu, na sijaona likisemwa.

Kanga inakuja tayari na jina la mtu! Chukueni kanga za Mombasa za K.H.E., Kaderdina Hajee Essak, nyumba iliyoanza 1887. Angalieni ukingoni, imeandikwa kwa herufi ndogo, Mali ya Abdulla. Ile ni alama yake ya biashara, na mama zetu walikuwa wanaitafuta pale ukingoni kabla hawajatoa hela, wengine hawakuweza kusoma kitu kingine lakini ile waliijua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo lebo ya nguo iliyofanikiwa kuliko zote pwani yetu.

Sasa wewe umekata koti, ukaona ukingo unapendeza ukauweka kwenye mkono, na Mali ya Abdulla iko pale juu ya kifundo inasomeka, shingoni lebo yako inasema jina jingine. Nimeliona koti kama hilo, na mnunuzi wa nje akamuuliza mwenye koti, Abdulla ndiye mshirika wako? Swali la haki kabisa, maana nguo ile ilikuwa na majina mawili. Kwenye kukata, lile andiko la kiwanda libaki kwenye mabaki au liingie ndani ya mshono. Methali ya kanga ni kitu kingine, ile wateja wanaipenda. Nasema alama ya kiwanda.

Na hapo hapo, jina lako lisiahidi kitambaa ambacho huna. Ukiwa na neno pamba kwenye jina, na kanga ulizonunua jumla zina polista, umeshadanganya, na Ulaya wanakudai uandike nyuzi ni za nini kwenye nguo yenyewe. Chomoa nyuzi chache ukingoni, ziwashe. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini linalopukutika. Polista inayeyuka, inajikunja, ikipoa inabaki kidonge kigumu kwenye vidole. Ikiwa mchanganyiko utaviona vyote viwili. Fanyeni kila mnapobadilisha muuzaji.

Mwisho naomba mnyamaze kidogo, maana hapa ndipo ninapoona watu wanaumia kweli.

Nani hapa amesajili jina BRELA? Nyoosheni mikono. Wengi, hongereni. Sasa wangapi mmesajili alama ya biashara? Mnaona mikono ilivyoshuka?

Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, vinasajiliwa ofisi moja lakini ni vitu viwili. Jina la biashara ni kuitambulisha serikali kwamba wewe fulani unafanya biashara kwa jina hili, ufungue akaunti benki, ulipe kodi. Halikupi haki ya kumzuia mtu kubandika lile neno kwenye nguo. Haki hiyo inatoka kwenye alama ya biashara, unaomba kwa daraja, linatangazwa, watu wana siku 60 za kupinga, likipita unapewa cheti cha miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Na cheti cha BRELA ni cha Bara. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na sheria yao, kwa hiyo mwenye duka Stone Town anaomba na kule.

Kuna mama namfahamu, mabegi na magauni ya batiki, alikuwa na jina la biashara kwenye fremu ukutani. Akampa bidhaa muuzaji wa nje, wakaelewana kwa simu, mzigo ukaenda, ukauzika. Mwaka wa pili akataka kuongeza muuzaji wa pili nchi ile ile, yule wa kwanza akamwambia haiwezekani, hilo jina kule ni langu, nimelisajili. Na kweli alikuwa amelisajili! Mama akatoa fremu yake akaipiga picha akaituma, haikusaidia kitu. Ilibidi mzigo wa muuzaji wa pili ushonwe lebo mpya, lebo juu ya lebo, begi kwa begi.

Sasa sikilizeni dawa yake, ni tarehe. Ukipeleka ombi la alama hapa nyumbani, Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 ya kupeleka ombi lile lile kwenye nchi nyingine mwanachama na wakalihesabu kama uliliwasilisha siku ile uliyowasilisha hapa. Mtu akiingiza lake katikati, wewe uko mbele yake. Lakini ikipita miezi 6 hiyo nafasi imekwenda, unaanza kuhesabiwa upya. Wakenya na Wanyarwanda wana njia nyingine ya ziada, mfumo wa Madrid, ombi moja unachagua nchi nyingi, sisi hatumo, kwa hiyo kwetu hii miezi 6 ni kitu cha kushika sana.

Kwa hiyo mpangilio wa binti wa Tanga ulikuwa hivi. Rejista kwanza, kisha ombi BRELA daraja la 25 peke yake, maana kitambaa hauzi na begi hajaanza. Sampuli hazikutoka mpaka namba ya ombi imepatikana. Kwenye barua iliyoambatana na mzigo akaandika mstari mmoja, kwamba jina na lebo ni mali ya mtengenezaji na muuzaji hataruhusiwa kulisajili popote, Mjerumani akasaini bila shida, mtu mwema hana sababu ya kukataa. Kwenye lebo hakuweka ile R ya kwenye duara, maana hiyo ni ya aliyekwisha sajiliwa, na nchi nyingine kuiweka bila usajili ni kosa la sheria. Na Ulaya ameipa muda, akiona oda ya pili imekuja kabla miezi 6 haijaisha, analipa ile 850 pamoja na wakala wa huko, maana EUIPO inamtaka mtu wa nje awe na mwakilishi. Oda isipokuja, pesa yake anaiweka kwenye vitambaa.

Ombi lake bado halijatangazwa, ndiyo maana jina sijalitaja.

Nimewachosha, tuingie maswali. Naanza na yule baba fundi wa pale nyuma, najua ana jina la mtaa wake kwenye lebo na anataka kujua kama atalisajili. Karibu mzee wangu, tuambie ni mtaa gani.